Sikudhani na Mtoto wa Ndani ya Ukuta

Waliokaa wakae vizuri, waliosimama wajitafutie jamvi. Ngano hiyo naitupa.

Itupe, tuidake.

Ina miiba.

Tutaichambua.

Ina maneno ya watu.

Hayo ndiyo tunayoyataka.

Basi hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa na baraza lao na ndege walipokuwa wakijuana majina, palikuwa na hondohondo wawili, mume na mke. Mume akiitwa Shomari, mke akiitwa Sikudhani. Hondohondo mnamjua. Ndege mweusi, tumbo jeupe, mdomo mkubwa kama jembe, na juu ya mdomo kavishwa kofia ya mfupa. Kofia ya Shomari ilikuwa kubwa kuliko zote za bonde lile, na mwenyewe alijua. Akienda mtoni hanywi kwanza. Anajitazama, ndipo anywe.

Walioana, wakapendana, wakawa hawaachani. Shomari akiruka, Sikudhani yuko nyuma. Sikudhani akitua, Shomari yuko ubavuni. Mwezi mzima wakilala tawi moja, wakila mkuyu mmoja, mpaka majirani wakaanza kuchoka kuwatazama.

Sasa hondohondo wana mila yao. Mke akitaka kutaga, wanatafuta pango katika mti mkubwa. Mke anaingia ndani. Mume anakwenda kutafuta udongo, anaumeza, anauvuruga kwa mate kooni, anautapika vidonge vidonge, anampa mke mdomoni. Mke anaukandika mlangoni kutoka ndani. Kidonge juu ya kidonge, siku baada ya siku, mpaka mlango unazibwa wote, unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Ukikauka ule ukuta, hata nyani hauvunji.

Na mke akishakuwa ndani, manyoya ya mabawa yake yanapukutika. Hawezi kuruka. Chakula chake ni kile anacholetewa kwa ufa. Ndiyo maana hondohondo wana usemi wao: ukimjengea mtu ukuta, umemwahidi tumbo lako.

Sikudhani akaingia katika pango la mti mmoja mkubwa wa mkongo. Wakajenga. Siku ya mwisho Shomari alipoleta kidonge cha mwisho akamwambia, "Bibi, umeniona kwa mara ya mwisho mzima mzima. Kuanzia leo utauona mdomo tu."

"Mdomo wako mkubwa," akasema Sikudhani, "unatosha."

Wakacheka.

Siku ya tisa baada ya ukuta kuzibwa, Sikudhani akataga yai. Baada ya siku mbili akataga la pili. Akaatamia. Shomari akawa analeta makuyu asubuhi, analeta adhuhuri, analeta alasiri. Anayaleta kooni, anatua gomeni, anagonga ukuta ko, ko, anatapika kuyu moja moja, anapitisha. Mke anakula, mbegu anazitema nje kwa ule ufa. Kisha wanazungumza kidogo. Nani kagombana na nani, mkuyu upi umeiva, mamba kameza nini. Kule ndani giza, na ule mwanga wa ufa unatembea ukutani kama kidole kinachotafuta kitu. Lakini mtu akiwa na wa kumgongea, giza si kitu.

Siku ya hamsini tangu ukuta uzibwe, yai la kwanza likapasuka. La pili halikupasuka, lilikuwa viza. Mtoto mmoja. Sikudhani akaimba habari kwa ufa, na Shomari akaruka juu ya msitu mzima akitangaza, "Nimepata mtoto, nimepata mtoto." Akamwambia tumbili, akamwambia ngiri, akamwambia hata fisi, ambaye hakuna mtu anayemwambia habari za watoto.

Siku ya tatu, saa ya adhuhuri, jua likasimama sawasawa na ule ufa. Shomari alikuwa kishaleta makuyu. Badala ya kupitisha mdomo, akaweka jicho.

Akatazama. Akatazama tena.

"Mke wangu, hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo nyama iliyo chini yako."

"Ndiye mwanao."

Shomari akasema pole pole, "Hana unyoya hata mmoja. Mwekundu kama kidole kilichoungua. Macho hana. Kofia hana. Na huo mdomo, huo ni mdomo wa nani?"

"Bado mchanga, bwana. Ana siku tatu."

"Mimi nina mdomo," akasema Shomari. "Babangu alikuwa na mdomo."

Sikudhani akasikia mabawa yake yakiondoka. Na mabawa ya hondohondo hayafichiki, yanavuma kama mtu anayepepeta mpunga. Makuyu aliyoyaleta aliondoka nayo kooni.

Njiani akakutana na Chiriku. Mnamjua Chiriku, ndege mdogo, sauti yake haina kizibo. Nami sisemi kitu juu ya wanaopenda habari, maana nyumba yangu mwenyewe ina madirisha. Lakini kuna kupenda habari, na kuna kupenda moto.

"Shemeji Shomari, mbona uso umekunjamana?"

"Mtoto hanifanani."

Chiriku akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mimi sipendi maneno ya watu. Ila lile pango la mkongo, nilimwona Kwenzi akitoka humo. Kwa macho yangu haya mawili. Na huyo Kwenzi, mtoto wake akizaliwa huwa mwekundu hivyo hivyo."

Basi. Neno likaingia sikioni kwa Shomari, likaatamia.

Kesho yake asubuhi Sikudhani akasikia ko, ko. Akafurahi. Ufa ukaleta kuyu moja.

"Hili lako," sauti ya Shomari ikasema. "Wewe nilikujengea ukuta, siwezi kukuua kwa njaa. Lakini hicho kiumbe usikipe. Kina baba yake."

"Babake nani?"

"Unamjua."

Alikuwa na njaa ya tangu jana adhuhuri. Akalishika lile kuyu mdomoni, utamu ukamjaa. Na chini ya kifua chake mtoto akainua shingo, kinywa wazi, kipofu, kinatikisika. Akalitafuna, akampa.

Shomari alikuwa akichungulia. "Umempa."

"Nimempa."

"Basi mwite babake amlishe. Mimi simjui huyo." Akaruka.

Kutwa ile hakurudi. Wala kesho yake.

Wala msiniulize kwa nini Sikudhani hakuvunja ukuta akatoka. Wajinga huuliza hivyo mpaka leo. Atoke aende wapi, mabawa yenyewe hana? Na ukuta ukivunjika mlango uko wazi, na Ngedere anapenda nyama laini. Akivunja, mtoto analiwa. Asipovunja, mtoto anakufa njaa. Sikudhani akakaa katikati ya mambo hayo mawili, akamfunika mwanawe kwa kifua, akaimba:

*Shomari, Shomari,*
*udongo uliuleta wewe,*
*mlango nimeuziba mimi.*
*Mabawa yangu yameanguka,*
*nimebaki na yako.*

Itikieni: nimebaki na yako.

Ehe. Akasikia mabawa yanavuma kutoka mtoni. Yakaja, yakaja, yakafika juu ya mkongo. Yakapita. Hayakutua.

Wa kwanza kufika akawa Ngedere. Akapachika kiganja ufani, akanusa.

"Mama, nasikia bwana kakususa. Pole. Huo ukuta unakulemea, nikusaidie kuuvunja?"

"Ukuta wangu haujambo, baba. Kama unataka kunisaidia, niletee makuyu."

"Makuyu si kazi yangu," akasema Ngedere. "Mimi nitangoja tu." Akakaa tawi la pili, akajikuna.

Sikudhani akaimba tena. *Mabawa yangu yameanguka, nimebaki na yako.* Mabawa yakavuma kutoka mtoni, yakafika juu ya mkongo, yakapita.

Wa pili akawa Chiriku. "Hodi shoga. Ungali hai?"

"Ningali. Shoga, niokotee hata kuyu moja lililoanguka."

"Kuyu lenyewe zito kuliko mimi, shoga. Lakini niambie, ni kweli? Mimi huniambii uongo, mimi mtu wako."

"Kweli nini?"

"Habari za Kwenzi."

Ndipo Sikudhani akajua neno limetoka wapi. Akamwambia, "Nenda zako, Chiriku." Chiriku akaenda, na kufika jioni msitu wote ukajua kwamba Sikudhani aliulizwa na hakukana.

Wa tatu akawa Kwenzi mwenyewe. Ndege mzuri, koti la buluu linameta, lakini siku ile alikuja kwa kujificha nyuma ya majani. Mdomoni alikuwa na kiwavi mnene.

"Bibi," akasema, "nimesikia mtoto analia. Mpokelee hiki."

Mtoto akainua shingo. Sikudhani akakitazama kiwavi kile, kinene, kinang'aa, nusu kiko ndani ya ufa. Akakisukuma nje kwa ncha ya mdomo.

"Ukinilisha wewe, Kwenzi, umekuwa baba yake mbele ya msitu mzima. Mwanangu atashiba leo, na keshokutwa atakosa ukoo."

"Sasa afe?"

Mwanga wa ufa ukatembea ukutani, ukafika kona, ukazimika.

"Hata mimi wananinyooshea mabawa," akasema Kwenzi. "Mke wangu kahamia kwa mamake. Sikiliza, kama kumlisha siwezi, kuruka naweza." Akaruka kwenda kwa Bi Twiga.

Bi Twiga ndiye aliyekuwa akisimamia baraza la wanyama. Walimchagua kwa sababu ya shingo: anasikiliza kila mtu kutoka mbali kidogo. Kwa desturi mashauri yalisikilizwa mbugani kwake, na mwenye shauri huja kwa miguu yake au mabawa yake. Kwenzi akamwambia, "Huyu hawezi kuja, kafungwa ukutani." Bi Twiga akasema, "Basi baraza lina miguu. Litakwenda kwake."

Asubuhi yake Sikudhani akasikia ardhi inatikisika. Ufa ukawa giza, kisha ukajaa jicho moja kubwa, lenye kope ndefu.

"Mwanangu, nimekuja. Mko wangapi humo?"

"Wawili, bibi."

"Mtoto amekula?"

"Siku ya tatu leo hajala. Nimempa mate."

Jicho likaondoka. Sikudhani akasikia Shomari akiitwa, akasikia kwato na makucha na mabawa, msitu wote umekusanyika chini ya mkongo. Sauti ya Bi Twiga ikasema, "Shomari, nenda mtoni ulete makuyu. Umlishe mama na mtoto. Ukirudi ndipo tuanze."

"Bibi, nikimlisha si nitakuwa nimekubali kuwa ni wangu?"

"Kumlisha wakati shauri linasikilizwa si kukubali. Ikionekana si wako, mwenye mtoto nitamlazimisha akurudishie kuyu kwa kuyu. Lakini wewe ukishindwa na mtoto kishakufa, mimi nitamrudisha kwa kitu gani? Nenda."

Akaenda. Ko, ko. Makuyu saba yakapita. Mtoto alikula, akalala kinywa wazi. Sikudhani akala moja, na machozi yakamtoka kwa kuyu lile, maana mtu akimpa mwenzake chakula kwa amri, chakula kina baridi.

Bi Twiga akasema, "Haya, Shomari. Unamkana kwa lipi?"

"Kwa mambo matatu."

"La kwanza."

"Hanifanani. Hana kofia, hana weusi, mwekundu uchi."

Vicheko kidogo. Kisha ikaja sauti kutoka juu ya matawi, sauti kavu ya bibi kizee, na Sikudhani akaitambua. Ni Bi Mwavua, mama mzaa Shomari, aliyeishi ng'ambo ya bonde. Kwenzi alikuwa kapita huko pia.

"Shomari mwanangu. Umeshawahi kumwona kinda wa hondohondo?"

"Nimewaona, mama. Wakitoka ukutani."

"Wakitoka. Wana miezi mitatu, wamevaa. Nyinyi wanaume wa hondohondo mko nje ya ukuta, hamna mnachokijua mpaka mtoto atoke amevikwa. Mimi nilikaa nawe gizani. Ulitoka yaini uchi, mwekundu, tumbo limevimba, shingo kama mnyoo. Babako naye siku ile aliweka jicho ufani. Alisema, mke wangu, kibaya lakini chetu. Akaenda kuleta makuyu."

Msitu ukacheka mpaka majani yakaanguka. Sikudhani peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe kwa mwanga wa ufa, jinsi alivyo mwekundu.

"Sura si ushahidi," akasema Bi Twiga. "Wapo wanaofanana na majirani, na wapo wasiofanana na mtu. La pili."

"La pili, siku. Yai letu huanguliwa kwa siku arobaini. Mimi tangu nilete kidonge cha mwisho mpaka mtoto kulia ni siku hamsini. Hizo kumi za ziada ni za nani?"

Hapo wengi wakaguna, maana hesabu ilikuwa ya kweli. Bi Twiga akauweka uso ufani.

"Mwanangu, ulitaga lini?"

"Siku ya tisa baada ya ukuta kuzibwa. Yai haliko tayari siku ile ile ya kuingia, bibi. Linakua ndani kwanza. Nikatulia nikaanza kuatamia."

"Mwavua?"

"Ndivyo tulivyo sote," akasema Bi Mwavua. "Siku nane, siku kumi, hapo katikati."

Bi Twiga akamgeukia Shomari. "Sikiliza vizuri. Kama siku zingepungua arobaini, ungekuwa na neno, maana yai lingekuwa limekuja kabla ya ukuta. Zimezidi. Maana yake yai limetagwa ndani ya ukuta wako mwenyewe. Na kabla ya ukuta, huyu mkeo alikuwa akilala wapi?"

"Tawi moja nami."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Ulipata kusafiri?"

Ngiri akamjibia kutoka chini, "Asafiri wapi huyo? Walikuwa wameshikana kama kupe na sikio, mpaka tukachoka kuwatazama."

"La tatu."

"La tatu lina shahidi," akasema Shomari, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Chiriku alimwona Kwenzi akitoka pangoni."

Chiriku akasogezwa mbele. Bi Twiga akauliza, "Ulimwona?"

"Kwa macho yangu mawili."

"Ukuta ulikuwapo?"

Chiriku akafikiri haraka. "Ulikuwapo. Alitokea ufani."

"Kwenzi, ingia hapo ufani."

Sikudhani akaona ncha ya mdomo wa Kwenzi ikipita, kichwa kikapita nusu, kikagoma. Kwenzi akasukuma, akakwama, miguu ikabaki nje inapiga teke hewani. Walimvuta kwa mkia.

"Labda," akasema Chiriku, "ukuta haukuwapo."

"Alikuwa amebeba nini?"

"Majani makavu."

"Majani makavu," akasema Bi Twiga. "Anayetoka kwa mke wa mtu habebi majani makavu."

Kwenzi akasema, "Bibi, lile pango lilikuwa langu msimu uliopita. Hawa walipolitaka nikahamisha tandiko langu. Ndiyo siku hiyo. Shomari mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akinihimiza nifanye upesi."

Watu wote wakamtazama Shomari. Shomari akakumbuka. Sikudhani hakuona uso wake, lakini alisikia makucha yake yakikwaruza tawi.

Bi Twiga akasema, "Umeleta matatu, hakuna lililosimama. Shaka ni yako, ilale kwako. Na tena, mtoto alipozaliwa ulimtangazia hadi fisi. Mtu hapokei mtoto kwa ngoma siku ya kwanza, akamkana kwa mnong'ono siku ya tatu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ukuta uliojenga ni wako."

Shomari akainua kichwa, ile kofia yake ikasimama. "Sawa, bibi. Mimi mtu wa huruma. Nitakuwa namletea, iwe sadaka yangu. Ila watu wajue kuwa natoa kwa wema."

Ndipo ile hasira ikampanda Sikudhani, hasira ya siku zote za mabawa kupita juu bila kutua. Akasema kwa ufa, kila mtu akamsikia:

"Bibi, mwambie sadaka yake abaki nayo. Kaniita mzinifu mbele ya msitu. Sitaki kuyu lake, sitaki mdomo wake. Mwache aende. Tutakufa hapa kwa heshima yetu."

Ngedere, kwenye tawi la pili, akajisogeza.

Jicho kubwa likarudi ufani. Safari hii sauti ilikuwa ndogo, ya watu wawili.

"Mwanangu, makuyu yako wewe, ukitaka kuyakataa, yakatae. Hayo ni yako. Hata bwana ukitaka kumwacha, msimu ukiisha utamwacha. Lakini ya huyo aliyelala chini ya kifua chako si yako. Hukupewa wewe, huwezi kuyasamehe. Yeye hakumgombeza mtu. Hata kusema hajui. Utamwacha afe njaa kwa hasira ambayo si yake?"

Sikudhani akamtazama mwanawe. Tumbo lilikuwa limeinuka kidogo kwa yale makuyu. Kupumua kwake kulikuwa kama kujaribu tu.

"Alete," akasema.

Bi Twiga akainua shingo, akakata shauri.

"Si sadaka, Shomari. Sadaka hutolewa na anayeweza kuacha, na wewe huwezi kuacha. Utaleta asubuhi, adhuhuri na alasiri. Cha mtoto, na cha mama pia, maana mama ndiye anayemtafunia na kumpa joto, hawezi kwenda kutafuta. Utaleta mkuyu ukizaa. Mkuyu usipozaa utatafuta matunda mengine, na wadudu. Ukiugua, ndugu zako wataleta. Hutaacha kwa sababu umegombana na mama yake. Utaleta mpaka mtoto atoke ukutani, na akitoka utamfundisha kutafuta mpaka ajitafutie mwenyewe. Na jina lake litatoka upande wako."

"Jina lake Pazi," akasema Bi Mwavua. "La babu yake."

"Na Chiriku, kwa kuwa unapenda kusema, kila asubuhi utapita msitu mzima ukisema: Shomari amemlisha mwanawe Pazi. Hilo tu. Mpaka mtoto aruke."

Chiriku akaona uchungu. Hakuna adhabu kwa Chiriku kama kutangaza habari ile ile, tena ya kweli.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi ko, ko. Adhuhuri ko, ko. Alasiri ko, ko. Makuyu yakapita, mtoto akakua. Akapata macho, akapata weusi, akapata mdomo. Lakini yale mazungumzo hayakurudi. Shomari hakujua aanze na neno gani, na Sikudhani hakumpunguzia kazi. Siku moja alasiri Shomari baada ya kuyu la mwisho hakuondoka. Alibaki gomeni kitambo.

"Mkuyu wa chini umeiva," akasema.

Sikudhani akasikia. Alikuwa na mengi ya kujibu, yamemjaa kooni kama vidonge vya udongo. Akayameza. Baadaye mabawa yakavuma, yakaenda.

Gizani humo Pazi akauliza, "Mama, huyo anayegonga ni nani?"

"Kula, mwanangu."

Siku themanini zikapita. Mabawa ya Sikudhani yakaota upya. Asubuhi moja wakaanza kugonga ukuta kutoka ndani, mama na mtoto, kidonge kwa kidonge, mpaka mwanga ukaingia wote. Pazi akatoka, akashika tawi kwa makucha, akayumba.

Shomari alikuwa tawi la jirani. Akamwona kijana mweusi, tumbo jeupe, mdomo kama wake. "Mwanangu," akasema.

Pazi akamtazama kutoka kofiani mpaka mkiani. Hakumjua. Akarudi nyuma kwa mamake. Shomari akasogea, akanyoosha mdomo, na Pazi alipoiona ile ncha ya mdomo, ile tu, akafungua kinywa chake wazi, kama mtoto aliyezoea.

"Ananijua mdomo," akasema Shomari. Akamgeukia mkewe. "Mwambie mimi ni nani."

Sikudhani alikuwa akinyoosha bawa moja, halafu la pili, akiyasikiliza kama yanaweza.

"Ulisema humjui, ukamkana mbele ya watu," akasema. "Sasa mjulishe wewe. Mkuyu wa chini umeiva, mpeleke."

Wakaenda, baba mbele, mtoto nyuma, anaruka kama kitambaa kilichopeperuka. Baba akiruka kidogo, anatua, anangoja. Sikudhani akabaki mlangoni mwa pango akiwatazama mpaka wakawa doa moja juu ya mto. Msitu wote ulikuwa mbele yake, na hakuna aliyekuwa akigonga. Kisha akaachia tawi, akaruka peke yake upande mwingine, akayajaribu mabawa yake.

Mwasikia? Wakubwa wana ugomvi wao, wagombane mpaka wachoke. Lakini shaka haimnyimi mtoto chakula, na haki ya mtoto haiitwi huruma, wala mama hawezi kuisamehe kwa niaba yake. Na wewe baba, kumlisha mtoto ni deni la lazima. Kujulikana naye, hilo utaliomba mwenyewe, polepole.

Ngano imefika mwisho wake, mkia wake nawaachia nyinyi. Koo limenikauka, nani ananipa maji?